Waya mmoja wa RCA au waya wa Y? Kuchagua waya wa sabufa kwa kuangalia kwanza kinachotoka SUB OUT

Ukiingia duka la vifaa vya redio Arusha, iwe karibu na Soko Kuu au kule Kilombero, ukasema unataka waya wa sabufa, utawekewa mezani vitu viwili. Cha kwanza ni waya mmoja wenye pini moja ya RCA kila upande. Cha pili ni waya wa Y: upande huu pini moja, upande ule pini mbili. Wengi huondoka na wa Y kwa hesabu rahisi tu, kwamba sabufa ina matundu mawili mgongoni, basi yote mawili yajazwe. Hesabu hiyo mara chache ni sahihi, mara nyingi haibadilishi kitu cha maana, na ipo namna moja ya kuutumia waya wa Y inayoharibu sauti ya spika zote nyumbani.

Kabla hatujafika kwenye waya, tuelewane tunasema sabufa ipi. Kwetu huku mtu akisema "nimenunua sabufa" mara nyingi anamaanisha seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya ndani, na spika mbili au tatu ndogo zinazochomekwa kwenye hilo boksi. Seti hiyo inataka sauti kamili ya stereo, kushoto na kulia, kwa sababu ndiyo inayozilisha hata zile spika ndogo. Ukiipelekea waya wa SUB OUT, spika ndogo zitanyamaza au zitanong'ona, maana huko hakuna sauti ya mtu wala gitaa la kuzifikia. Humu tunazungumzia sabufa ya peke yake: boksi moja la besi lenye amplifaya yake ndani, waya wake wa umeme, na kazi moja tu. Nayo risiva tunayoisema hapa ni amplifaya ya sinema ya nyumbani yenye matundu ya HDMI na spika tano au zaidi, si ile ya dishi.

Tundu la SUB OUT linatoa nini hasa

Mgongoni mwa risiva tundu hili huandikwa SUB OUT, SUBWOOFER PRE OUT au SW. Linatoa sauti ya chini ambayo bado haijakuzwa, kiwango kile kile kinachotoka kwenye deki au king'amuzi. Kwa hiyo haliwezi kuisukuma spika ya besi isiyo na amplifaya yake. Na jambo linaloamua nusu ya mjadala wetu ni hili: sauti inayotoka hapo ni moja. Hakuna besi ya kushoto na besi ya kulia. Risiva imeshazichanganya ndani kabla hazijafika kwenye tundu.

Ndani ya sauti hiyo moja kuna mizigo miwili tofauti. Wa kwanza ni chaneli ya LFE, ile ".1" ya 5.1. Hii ni chaneli ya pekee iliyorekodiwa ndani ya sinema kwa ajili ya milipuko, ngurumo na mishindo. Kwenye Dolby Digital chaneli hii inaishia hezi 120 kwenda chini, na huchezwa desibeli 10 juu ya chaneli nyingine ili mlipuko upate nafasi. Nyongeza hiyo hufanyika kwenye mfumo wenyewe wa kuchezesha, kwa hiyo usijaribu kuiongeza tena kwa mkono.

Mzigo wa pili ni besi iliyoondolewa kwenye spika nyingine. Ukiiambia risiva kwamba spika zako ni ndogo, yaani kwenye menyu uchague Small, na mpaka wa kukatia besi uwe 80 Hz, risiva inazikata spika zote chini ya hapo na kuihamishia besi yao kwenye SUB OUT. Kwa muziki, mzigo huu wa pili ndio unaofanya kazi yote. Wimbo wa stereo kutoka kwenye simu, redio, au mpira kwenye king'amuzi kinachotoa stereo, hauna chaneli ya LFE hata chembe.

Hapo ndipo lawama nyingi huwaangukia waya wasio na kosa. Mtu ameweka spika zake za mbele kuwa Large kwa sababu kwa macho ni kubwa kweli. Anacheza singeli kwa bluetooth, sabufa iko kimya. Anabadilisha waya, anaweka wa Y, bado kimya. Waya haukosi kitu. Risiva imeambiwa spika kubwa zibebe besi zenyewe, na wimbo hauna LFE, kwa hiyo SUB OUT haina cha kutoa. Dawa iko kwenye menyu: badilisha Large kuwa Small, mpaka uwe 80 Hz, besi itatokea papo hapo. Baadhi ya risiva zina chaguo la LFE+Main, ambalo hupeleka besi kote kuwili, kwenye spika kubwa na kwenye sabufa. Linasaidia chumba fulani na kukivuruga kingine, kwa hiyo liwe la mwisho kujaribiwa.

Kuhusu besi kuwa moja, usihofu kwamba unapoteza stereo. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita nne. Masikio mawili yaliyopishana kwa upana wa kichwa hayawezi kujua kwa uhakika sauti ya namna hiyo inatoka upande gani.

Sabufa inapokea vipi

Geuza sabufa usome mgongo wake, kwa sababu jibu la waya gani ununue limeandikwa pale. Kuna hali tatu zinazokutana na watu wengi.

Kama kuna tundu limeandikwa LFE peke yake, au SUB IN, chomeka waya mmoja hapo na uache mengine. Mara nyingi tundu la LFE linairuka filta ya ndani ya sabufa, yaani ile nobu ya CROSSOVER haina kazi tena. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu risiva imeshakata. Y hapa haina nafasi. Ukiilazimisha, ukachomeka mguu mmoja kwenye LFE na mwingine kwenye tundu la kawaida, unaweza kuchanganya besi iliyopita kwenye filta na ambayo haikupita, na matokeo hayatabiriki.

Kama kuna mawili na moja limeandikwa L/LFE au L/MONO, waya mmoja kwenye hilo. Mtengenezaji amekuonyesha mwenyewe kwamba tundu hilo limeandaliwa kupokea sauti moja.

Hali ya tatu ndiyo yenye mjadala: matundu mawili, L na R, bila maelezo mengine. Ndani ya sabufa ya aina hii hizo mbili hujumlishwa kuwa moja, na hapo ndipo Y inapokuwa na athari unayoweza kuipima. Ukichomeka waya mmoja kwenye L, kijumlishi kinapata upande mmoja tu. Ukitumia Y, sauti ile ile inaingia pande zote mbili na zinajumlishwa. Kama kijumlishi ni cha kweli, volti inakuwa mara mbili, sawa na desibeli 6. Kama sabufa imetumia rezista mbili tu bila saketi ya kukuza, ongezeko linaweza kuwa dogo zaidi au lisisikike kabisa. Kwa hiyo semi kama "Y inaongeza besi" zichukuliwe hivi: inaongeza hadi desibeli 6, na hizo desibeli 6 ni zile zile unazozipata kwa kuzungusha nobu ya LEVEL. Besi haiwi nzito zaidi, haishuki chini zaidi, wala haiwi safi zaidi. Imepanda sauti tu.

Y inasaidia kweli lini

Kwa sabufa moja, Y ina sababu mbili za kununuliwa. Moja ni pale nobu ya LEVEL imefika mwisho, kiwango cha sabufa kwenye menyu ya risiva nacho kimefika mwisho, na besi bado ni nyepesi. Hapo desibeli 6 za bure ni msaada halisi. Hali hii haitokei sana kwa sabufa nzima. Ikitokea, kwanza hakikisha sabufa haijakaa pale ambapo chumba kinaimeza. Isogeze hata mita moja kuelekea kwenye kona kabla hujaenda dukani.

Sababu ya pili ni sabufa kulala usingizi. Sabufa nyingi zina swichi ya AUTO: isiposikia sauti kwa dakika kadhaa inajizima, ikisikia inaamka. Usiku ukipunguza sauti kwa ajili ya majirani, inayofika kwenye sabufa inakuwa ndogo kuliko kipimo cha kuamka, basi inalala katikati ya sinema. Y inaipa sabufa sauti kubwa zaidi, ikabaki macho. Ushauri huu ni maarufu na si wa uongo, ila una kasoro, na tuione kwa mfano wenye hesabu.

Chukua sebule ya Njiro. Risiva ya 5.1 iko chini ya televisheni, sabufa yenye L na R bila LFE iko kona ya nyuma ya kochi, na waya ukifuata ukuta unatumia mita 7. Nobu ya LEVEL imewekwa robo tatu. Mwenye nyumba amechomeka maikrofoni ya risiva ikajipima yenyewe, kisha akafungua menyu ya viwango na kukuta sabufa imewekwa −11, wakati menyu yenyewe inaruhusu kutoka −12 hadi +12. Sabufa inalala kila usiku.

Namba ile −11 ndiyo inayosema ukweli wote. Risiva imeona sabufa inapiga kelele kuliko spika nyingine, kwa sababu nobu iko juu mno, basi imejibana yenyewe ipeleke sauti ndogo sana kwenye waya. Sauti hiyo ndogo ndiyo inayopita kwenye kifaa cha kuamsha, ambacho kwa kawaida kiko kabla ya nobu ya LEVEL. Sasa akiweka Y bila kugusa nobu, sabufa itapanda hadi desibeli 6. Risiva ikijipima tena itataka kushuka hadi −17, lakini mwisho wake ni −12. Besi itakuwa imezidi kwa desibeli 5, na tatizo la usingizi litakuwa limepoozwa kwa kupiga kelele tu.

Njia bora haina gharama. Abaki na waya mmoja, arudishe nobu ya LEVEL hadi theluthi, kisha aruhusu risiva ijipime upya. Tuseme safari hii inasimama −3. Masikioni kiwango cha besi ni kile kile cha mwanzo, lakini risiva sasa inapeleka desibeli 8 zaidi kwenye waya, ambayo ni volti mara mbili na nusu. Kifaa cha kuamsha kinaipata hiyo, sabufa haisinzii. Ona kwamba nobu imefanya zaidi ya kile ambacho Y ingefanya. Kama baada ya kushusha nobu hadi risiva inasoma karibu na sifuri sabufa bado inalala, basi Y inunuliwe. Ikiwekwa, nobu ishushwe tena ili kiwango cha risiva kisirudi chini, la sivyo faida yote inaliwa na kipimo kipya. Ikishindikana hata hapo, weka swichi ya AUTO kwenye ON na uizime sabufa ukutani unapokwenda kulala.

Jambo moja zaidi kwa sabufa hii ya L na R: filta yake bado inafanya kazi, iwe umetumia waya mmoja au Y. Ukiacha CROSSOVER kwenye 80 wakati risiva nayo imekata 80, besi inakatwa mara mbili na unabaki na shimo karibu na hezi 80, pale pale ngoma ya teke na gitaa la besi vinapokutana na spika. Zungusha nobu hiyo hadi mwisho wa juu, iwe 150 au 200, uiachie risiva kazi ya kukata. Watu wengi walioweka Y wakasema "sasa besi imejaa" kumbe walihitaji nobu hii tu.

Mvumo, urefu na ubora wa waya

Hapa ndipo pesa itumike, na ndipo waya mmoja unapoishinda Y kwa wazi. Umeme wetu ni hezi 50. Mvumo wake unatua hezi 50 na 100, ndani kabisa ya eneo ambalo sabufa imetengenezwa kulikuza. Spika ndogo ya juu ingeuficha mvumo huo, sabufa inautangaza. Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachotakiwa kwenye waya wa sabufa ni wavu wa kinga ulioshonwa vizuri kuuzunguka waya wa kati, na pini ambazo ganda lake linashika kwa nguvu. Dhahabu kwenye pini inasaidia kuzuia kutu, basi.

Urefu wenyewe si tatizo kwa besi. Waya wa mita 10 unaweza kula sauti za juu sana, juu ya kilohezi 100, ambazo sabufa haina habari nazo. Kinachoongezeka na urefu ni nafasi ya kuokota mvumo, hasa waya ukilala sambamba na nyaya za umeme. Upishe mbali, na pale lazima uvuke, uvuke kwa kona ya mraba.

Kwa mita 7 za yule wa Njiro, waya wa kamera za ulinzi aina ya RG-59 wenye wavu wa shaba ni chaguo bora kuliko waya mwembamba wa AV uliokuja na king'amuzi. Ukiupata wa kukatwa kwa mita, fundi redio anaweza kuulehemu pini mbili za RCA kwa dakika chache: waya wa kati kwenye ncha ya kati, wavu wote usokotwe na ulehemiwe kwenye ganda, pasibaki uzi mmoja unaogusa ncha. Ule wenye nyaya mbili za umeme pembeni zichanwe ziondolewe. Epuka wenye wavu wa alumini, risasi haishiki vizuri juu yake. Na ukiwa na haraka, waya wa njano wa video wenye unene wa maana unafaa kabisa kwa sabufa. Rangi ya pini haina kazi yoyote zaidi ya kumsaidia mtu kukumbuka.

Kama Y inahitajika kweli, usinunue Y ya mita 7. Vuta waya mmoja mzuri hadi kwenye sabufa, kisha mwishoni weka kipande kifupi cha Y, sentimita 15 hadi 20, tundu moja la kike na pini mbili za kiume. Kila kiungo ni mahali pa mvumo au mkwaruzo kuanzia, na Y nyingi za bei ya chini zina wavu mwepesi sana. Zikiwa fupi, udhaifu huo hauonekani. Vilevile usitundike viunganishi vizito vya chuma kwenye tundu bila kitu cha kuvishikilia. Baada ya miezi michache tundu linalegea kutoka kwenye bodi, na hapo fundi atalazimika kufungua sabufa.

Zima kila kitu kabla ya kuchomeka. Pini ya RCA imeumbwa vibaya kidogo: ncha ya kati inagusa kabla ya ganda, na kwa ule muda mfupi sabufa haina kinga, inanguruma kwa nguvu zake zote. Ukisikia mngurumo kama huo bila kugusa kitu, ganda limelegea. Likaze kwa vidole au badilisha pini.

Mvumo wa kudumu una chanzo kingine. Chomoa waya wa RCA kwenye sabufa. Mvumo ukibaki, ugonjwa uko ndani ya sabufa. Ukiisha, rudisha waya kisha chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukikoma hapo, mvumo unaingia kwa kuzunguka erthi mbili, ya dishi na ya ukutani, na hakuna waya wa RCA wala Y itakayouponya. Jaribu kwanza kulisha risiva, king'amuzi na sabufa kutoka ekstensheni moja. Usikate kamwe pini ya erthi kwenye plagi ya sabufa ili mvumo uishe. Utaisha kweli, na boksi litabaki bila ulinzi siku nyaya za ndani zikigusana.

Y iliyogeuzwa: hapa usiguse

Amplifaya nyingi za stereo za mitumba hazina SUB OUT. Zina PRE OUT mbili, L na R, na sabufa ina tundu moja. Mtu anachukua Y, anaigeuza: pini mbili kwenye amplifaya, moja kwenye sabufa. Inacheza, kwa hiyo anaridhika. Lakini sasa ameziunganisha njia mbili za kutolea sauti zinazotoa vitu tofauti, na kila moja inapambana kumsukuma mwenzake. Kwa amplifaya nyingi tundu la PRE OUT ndilo hilo hilo linaloilisha sehemu ya kukuza, kwa hiyo mchanganyiko unarudi hadi kwenye spika: mwimbaji aliyekuwa kushoto na gita lililokuwa kulia wote wanahamia katikati. Sauti inaweza pia kukwaruza ikiwa juu.

Utalitambua kosa hili kirahisi. Cheza wimbo wenye stereo pana, kisha uichomoe Y kwenye amplifaya huku sabufa ikiwa imezimwa. Kama sauti ya spika inafunguka ghafla kwenda pande zote, Y ndiyo iliyokuwa inaibana.

Kwa amplifaya hiyo waya sahihi ni wa stereo wa kawaida, pini mbili kila upande, L kwa L na R kwa R, halafu sabufa ijumlishe yenyewe ndani. Hapa CROSSOVER ya sabufa haiachwi juu, kwa sababu PRE OUT inatoa sauti nzima bila kukatwa. Anza na 60 hadi 80 kisha usikilize. Kama sabufa ina tundu moja tu, fundi aweke rezista ya kilo-omu 1 kwenye kila mguu wa Y kabla haijakutana. Rezista ndogo za robo wati zinatosha. Usitumie REC OUT badala ya PRE OUT: inatoa kiwango kisichobadilika, ukipunguza sauti ya amplifaya sabufa itaendelea kunguruma peke yake.

Sabufa mbili, tundu moja

Hapa Y iko nyumbani kwake. Tundu moja la SUB OUT linalisha sabufa mbili bila shida, na hofu kwamba kila moja itapata nusu haina msingi. Tuchukue SUB OUT yenye ukinzani wa kilo-omu 1 na sabufa mbili zenye kilo-omu 20 kila moja. Sabufa moja inapata asilimia 95 ya volti. Zikiwa mbili, kila moja inapata asilimia 91. Tofauti haifiki hata nusu desibeli. Kinachobadilika ni kwamba chumba sasa kina maboksi mawili, kwa hiyo pima upya kiwango.

Y ikae upande wa risiva, na kila sabufa ivutiwe waya wake. Kama nyuma ya risiva kuna SUB OUT 1 na 2, huhitaji Y. Kwenye risiva nyingi za zamani matundu hayo mawili yameunganishwa ndani kwa waya, yanatoa sauti ile ile, ni Y iliyofichwa tu. Angalia menyu: ikikupa kiwango na umbali wa kila sabufa peke yake, basi ni njia mbili za kweli. Isipokupa, weka viwango vya sabufa zenyewe kwa nobu, moja baada ya nyingine huku ya pili ikiwa imezimwa, ukiwa umekaa pale pale unapotazamia.

Kuijaribu Y kabla ya kuilipia

Y inafanana sana na waya wa simu, ule wenye pini ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande wa pili, na viunganishi vyake huchanganyika kwenye makasha ya maduka. Huo si Y. Ni stereo, kila RCA inabeba upande wake. Mwombe muuzaji mita, iweke kwenye omu. Gusa ncha ya kati ya RCA moja na ncha ya kati ya nyingine: kwenye Y ya kweli mita inasoma karibu sifuri, kwenye waya wa stereo haisomi kitu. Kisha gusa ncha na ganda la pini ile ile, isisome kitu. Ikisoma sifuri, kuna uzi wa wavu umegusa kati, sabufa itakaa kimya. Mwisho gusa ganda hadi ganda huku ukiupinda waya shingoni mwa pini. Namba ikirukaruka, mrudishie, chukua mwingine.